Swapu ya riba: eksel yangu inasema tunadaiwa dola 9,200, benki inasema tunadai 93,900. Nani kakosea?

#1 Mhasibu_Chumbageni
Wakuu, salaam. Kampuni yetu ina mkopo wa dola unaofuata Term SOFR ya miezi 6, ile riba ya soko la dola inayopangwa upya kila nusu mwaka. Bosi aliogopa riba kupanda, tukaingia swapu na benki: sisi tunawalipa 4% kwa mwaka bila kubadilika, wao wanatulipa Term SOFR. Mtaji wa kuhesabia ni dola milioni 10, malipo tarehe 15 Machi na 15 Septemba. Namba nimezisawazisha kidogo ili nisimwage siri za ofisi.

Leo ni 15 Desemba. Hiyo "leo" ni ya kuhesabia tu, ndiyo tarehe ya thamani. Malipo yaliyobaki ni matatu: Machi, Septemba, na Machi ya mwisho. Nikapewa kazi ya kuipa swapu thamani kwa ajili ya hesabu za kufunga mwaka. Niliwahi kufundishwa kwamba swapu ni hatifungani mbili zilizofungwa mgongo kwa mgongo, moja ya riba isiyobadilika na nyingine ya riba inayoelea. Unatafuta thamani ya kila moja, unatoa.

Dawati la hazina wamenipa bei ya leo ya dola 1 itakayolipwa kila tarehe: Machi 0.988, Septemba 0.965, Machi ya mwisho 0.943. Upande wetu tunalipa 200,000 kila nusu mwaka, pamoja na milioni 10 mwishoni. Nikapata 10,009,200. Upande wa benki riba inaelea, kwa hiyo thamani yake ni milioni 10 kamili. Tofauti ni hasara ya 9,200.

Taarifa ya benki imekuja jana: faida yetu 93,900. Mkaguzi anakuja Jumatatu.

#2 Ndizi_Bukoba
Umegeuza alama mkuu. Mlipaji wa riba isiyobadilika anachukua inayoelea na kutoa isiyobadilika. Wengi wanakosea hapo.

#3 Mhasibu_Chumbageni
#2 sijageuza. 10,000,000 kutoa 10,009,200 ni hasi 9,200. Nikigeuza napata chanya 9,200, bado 93,900 iko mbali kama mbingu na ardhi.

#4 PipsZaUsiku
Swapu ni wizi mtupu. Mimi kila nikiacha oda ya dhahabu ilale usiku programu ya MT4 inanikata ada ya swapu, na Jumatano wanakata mara tatu. Fungua akaunti ya Kiislamu isiyo na swapu, utakuja kunishukuru.

#5 Ndizi_Bukoba
#4 😂😂 mkuu, hapa watu wanazungumzia milioni kumi za mkopo. Wewe unazungumzia senti za kulaza oda.

#6 Mzee_wa_Dawati
Mhasibu, mtego wako uko kwenye sentensi moja: "riba inaelea, kwa hiyo thamani yake ni milioni 10 kamili". Hiyo ni kweli siku moja tu kila miezi 6, siku ile riba mpya inapopangwa na kuponi ya zamani, yaani malipo ya riba ya nusu mwaka uliopita, imekwishalipwa. Leo ni 15 Desemba. Uko katikati ya safari.

Jiulize kwanza kwa nini siku hiyo moja thamani ni milioni 10. Chukulia ni 15 Machi asubuhi, kuponi imelipwa, riba mpya imetangazwa. Mtu akikupa milioni 10 taslimu, unaziweka kwa miezi 6 kwa riba hiyohiyo iliyotangazwa. Septemba unapata milioni 10 na riba yake. Riba unamlipa mwenye hati kama kuponi, milioni 10 unazirudisha tena kwa riba mpya, iwe 2% au 9%. Unaendelea hivyo hadi mwisho, unamkabidhi mtaji wake. Kila malipo umeyatimiza kwa milioni 10 zilezile, na hukuhitaji kujua riba za kesho. Ndiyo maana hati hiyo haiwezi kuwa na bei nyingine siku ile.

Sasa rudi Desemba. Riba ya kipindi hiki ilipangwa 15 Septemba. Ilikuwa ngapi?

#7 Mhasibu_Chumbageni
5.1% mzee.

#8 Mzee_wa_Dawati
Basi kuponi ya Machi inajulikana tayari: 255,000. Na tunajua kwamba Machi, baada ya kuponi hiyo kulipwa, hati itabaki na thamani ya milioni 10. Kwa hiyo mwenye hati leo ni kama anasubiri kitu kimoja tu, dola 10,255,000 mnamo Machi. Yanayokuja baada ya Machi hayakuhusu, yamekwisha kuingia ndani ya hiyo milioni 10. Badilisha seli yako moja:

```
=(10000000+255000)*0.988
```

Utapata 10,131,940. Toa 10,009,200 yako. Mnadai 122,740.

#9 Mhasibu_Chumbageni
Mzee, shikamoo kwanza. Imetoka 122,740. Lakini sasa nimezidi benki kwa 28,840! Nimetoka shimoni nimepanda mti.

#10 Tajiri_Mtarajiwa
Mimi sielewi jambo la msingi kabisa. Hiyo milioni 10 haibadilishwi mikono. Benki haiwapi, nyinyi hamuwapi. Sasa mnaiweka kwenye hesabu ya nini? Ndiyo maana majibu yanayumba, mmeingiza pesa hewa.

#11 Kidawa_wa_Forodhani
#10 wala haiyumbishi chochote kaka. Milioni 10 imeingizwa pande zote mbili, siku ileile, Machi ya mwisho. Wewe unanilipa milioni, mimi nakulipa milioni, tunabaki tulivyo. Imewekwa ili kila upande ufanane na hatifungani, maana hatifungani tunajua kuzipa bei.

Kama huiamini pesa hewa, itoe kabisa ufanye malipo moja moja. Machi: tunapokea 255,000, tunalipa 200,000, ziada 55,000 mara 0.988 ni 54,340.

Malipo ya Septemba hayajulikani, lakini soko limeshasema. Dola ya Machi ni 0.988, ya Septemba ni 0.965. Gawanya, utaona kati ya Machi na Septemba pesa inakua kwa 2.38%. Kwa milioni 10 ni 238,342. Toa 200,000, zidisha 0.965, unapata 37,000. Kipindi cha mwisho fanya vivyo hivyo kwa 0.965 na 0.943: pesa inakua 2.33%, ni 233,298, ziada yake leo ni 31,400.

Jumlisha 54,340 na 37,000 na 31,400. Ni 122,740 ya mzee, hadi dola ya mwisho, na milioni 10 hatujaigusa.

#12 Tajiri_Mtarajiwa
Nimefanya kwenye simu, kweli imetoka. Ila bado sipendi. Mtu akisema "mimi nina hatifungani ya milioni 10 kwenu" na benki ikafa kesho, nadai milioni 10?

#13 Mzee_wa_Dawati
#12 hapo uko sahihi na watu wengi huteleza. Hatifungani mbili ni njia ya kuhesabu tu, mkataba hausemi hivyo. Benki ikifilisika leo, anachopoteza Mhasibu ni kama hiyo 122,740. Milioni 10 hakuwahi kuwapa.

#14 Fundi_Faranga
Mnamchanganya kijana. Siku hizi SOFR haijulikani mwanzoni mwa kipindi. Mnatumia kanuni za enzi za LIBOR, ile riba ya zamani ya benki za London, na LIBOR ya dola ilikoma Juni 2023. SOFR inalimbikizwa kila siku, kuponi unaijua mwishoni. Kwa hiyo hiyo 255,000 haipo.

#15 Kidawa_wa_Forodhani
#14 soma #1 tena. Kasema Term SOFR. Hiyo hutangazwa mbele kwa mwezi 1, 3, 6 au 12, kama LIBOR ilivyokuwa. Kuponi yake ilijulikana tangu Septemba.

#16 Mzee_wa_Dawati
Fundi ana nusu ya ukweli, tusimtupe. Swapu nyingi za dola kati ya benki ni za SOFR ya kulimbikiza kila siku. Lakini huko kazi inakuwa rahisi zaidi. Ule ujanja wa kuweka milioni 10 na kuzirudisha unafanya kila siku badala ya kila miezi 6. Kwa hiyo katikati ya kipindi hati inayoelea ina thamani ya milioni 10 pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizwa hadi leo, basi. Riba ikiruka kesho, thamani hiyo haistuki. Ile ya Term SOFR inastuka kidogo, kwa sababu 255,000 imeshafungwa hadi Machi.

#17 PipsZaUsiku
Kwa hiyo Mhasibu ananunua au anauza? Weka ishara tufuate 😎

#18 Mama_Hatifungani
Mie si mtu wa swapu, lakini #9 yamenikumbusha yaliyonikuta. Nilinunua hatifungani ya serikali soko la pili kupitia dalali. Bei aliyonitajia ilikuwa moja, bili iliyokuja ikawa nyingine, kubwa zaidi. Nikamwijia juu, nikamwambia kanipiga. Kumbe muuzaji alikuwa amekaa na ile hati miezi minne tangu kuponi ya mwisho, na kuponi inayokuja yote ningeichukua mimi. Kwa hiyo namlipa riba ya miezi yake minne. Bei iliyotajwa haina hiyo riba, bili inayo.

Si ajabu benki yako imekutajia bei ya namna hiyo?

#19 Mzee_wa_Dawati
Mama, umeua ndege bila jiwe 👏

Mhasibu, tangu 15 Septemba miezi 3 imepita. Riba iliyokwisha kuiva kwa upande mnaopokea ni nusu ya 255,000, yaani 127,500. Upande mnaolipa imeiva 100,000. Tofauti ni 27,500 kwa faida yenu. Itoe kwenye 122,740, inabaki 95,240. Sisi dawatini ile yenye riba ya kuiva tulikuwa tukiiita bei chafu, na isiyo nayo bei safi.

#20 Mhasibu_Chumbageni
Nimefungua taarifa tena. Chini kabisa, maandishi ya sisimizi: "thamani haijumuishi riba iliyolimbikizwa". Nimekaa na hii karatasi siku mbili jamani.

Kwa hiyo 95,240 yangu, 93,900 yao. Imebaki 1,340. Kwenye vitabu niweke ipi? Na hiyo 1,340 imetoka wapi?

#21 Mkaguzi_Mstaafu_Kisutu
Usiweke safi kwenye mizania halafu ukasahau 27,500. Ama uandike 122,740 nzima mahali pamoja, ama safi hapa na riba ya kuiva kule. Nimeona kampuni iliyoandika chafu kwenye mizania na bado ikaandika riba ya kuiva kama mali nyingine. Faida imehesabiwa mara mbili, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila karatasi peke yake ilikuwa sahihi.

#22 Ndizi_Bukoba
Hiyo 1,340 ni siku. Term SOFR inahesabiwa siku halisi kwa mwaka wa siku 360. Septemba 15 hadi Machi 15 ni siku 181, si 180. Kuponi ni 256,417.

#23 Kidawa_wa_Forodhani
#22 wazo zuri, nimelijaribu. Kuponi inapanda 1,417, ambayo kwa leo ni 1,400, kwa hiyo bei chafu inapanda 1,400. Lakini riba iliyoiva nayo ni ya siku 91, inapanda 1,417 vilevile. Bei safi inashuka dola 17 tu. Na anachotafuta ni 1,340.

Ila Mhasibu, angalia upande wenu wa 4% mkataba unasema siku zihesabiwe vipi. Kama nao ni siku halisi kwa 360, mnalipa zaidi ya 200,000 kila mara, na bei safi itashuka kwa zaidi ya dola 5,000. Hapo utakuwa na tatizo lingine kabisa.

#24 Mhasibu_Chumbageni
Nimecheki. Upande wetu ni miezi ya siku 30. 200,000 ni sawa.

#25 Mswahili_wa_Thames
Hamjambo wote. Huku London wazee wakisikia neno swapu wanakumbuka halmashauri ya Hammersmith na Fulham. Miaka ya 1980 iliingia swapu kwa mamia, ikitegemea riba itashuka. Riba ikapanda. Kesi ikafika hadi kwa majaji wa juu kabisa, na Januari 1991 wakasema halmashauri haikuwa na mamlaka ya kisheria kufanya mikataba hiyo. Ikawa batili. Benki zilikuwa zimehesabu thamani vizuri tu, hadi senti, ya kitu ambacho kisheria hakikuwepo. Mhasibu, bodi yenu ilipitisha azimio la hii swapu?

#26 Mhasibu_Chumbageni
#25 ilipitisha, nina muhtasari wenye sahihi. Usinitie homa.

#27 Fundi_Faranga
Nimerudi. Hiyo 1,340 ni faida ya mkopeshaji. Mkopo wako si SOFR tupu, kuna asilimia za benki juu yake. Ziingize kwenye hati inayoelea.

#28 Mzee_wa_Dawati
Hapana Fundi. Asilimia za juu ziko kwenye mkopo, swapu hazimo. Na ukiziingiza, ule ujanja wa milioni 10 unakufa, kwa sababu riba ya kuwekea pesa haifikii kuponi unayotakiwa kulipa. Ingekuwa swapu yenyewe ina nyongeza, ungeiacha hati ya SOFR tupu kama ilivyo, halafu ukaipa nyongeza thamani yake pembeni, malipo matatu ya kawaida.

Mimi naona hivi. Swapu hii ikipigwa na riba kwa sehemu moja ya mia ya asilimia, inasogea kama dola 960. Kwa hiyo 1,340 ni chini ya sehemu moja na nusu. Benki hawakupi bei ya katikati ya kununua na kuuza, wanakupa ile ambayo wangekulipa ukitaka kutoka leo, na pengo la namna hiyo kwa mteja asiye benki si kubwa hata kidogo. Wakikukata sehemu 5 ndipo upige simu.

#29 Kidawa_wa_Forodhani
Mimi sikubaliani kwamba ni hiyo tu. Hizo 0.988, 0.965 na 0.943 zimetoka wapi? Kama dawati lenu limezitoa kwenye SOFR ya kila siku, basi ujanja wa #6 una ufa. Unaweka pesa kwa riba moja na kulipa kuponi kwa nyingine. Term SOFR na SOFR ya kila siku hazilingani sawasawa, na hati inayoelea haiwi milioni 10 kamili hata siku ya kupangwa riba.

Mzee anajua, kabla ya 2008 kila mtu alitumia LIBOR kwa yote mawili, kubashiri kuponi na kupunguza malipo ya kesho yawe thamani ya leo. Baada ya msukosuko LIBOR ikaachana na riba ya usiku mmoja, na mwaka 2010 LCH, nyumba ya London ya kusafishia swapu, wakahamia kupunguza thamani kwa riba ya usiku mmoja. Tangu hapo hati inayoelea kuwa sawa na mtaji wake ni makadirio tu.

#30 Mzee_wa_Dawati
Ni kweli tulipata taabu sana 2008, mistari miwili ya riba ikawa inatofautiana hadi tunaulizana nani kaharibu kompyuta. Lakini kwa miezi 15 na Term SOFR, huo ufa ni mwembamba. Unene wa makali ya kisu.

#31 Mkaguzi_Mstaafu_Kisutu
Wote mmesahau kwamba mali hii inadaiwa benki, na benki inaweza kufa. Kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS 13, zinataka thamani ishushwe kwa uwezekano huo. Nikiwa ofisini, mteja akileta 95,240 bila kutaja hilo, nilikuwa namrudisha. Yawezekana benki wenyewe hawakulishusha, maana nani anajipunguzia alama mwenyewe?

#32 Tajiri_Mtarajiwa
Kwa hiyo hesabu imetoka hadi dola ya mwisho, halafu kuna sababu tatu za dola 1,340 na hakuna anayejua ni ipi. Mimi narudi kwenye kuku wangu.

#33 PipsZaUsiku
#32 kuku nao wana swapu, wakilala bandani usiku unakatwa mahindi 😂

#34 Mhasibu_Chumbageni
Asanteni wote, hasa mzee, dada Kidawa na Mama. Nimewapigia benki. Wamesema bei ni ya makadirio, imechukuliwa saa za kufunga soko la New York. Bei zangu za dola dawati letu lilizichukua saa 4 asubuhi yetu, siku hiyohiyo. Nilipouliza kama ni bei ya katikati au ya kutokea, yule kijana akasema ataniunganisha na mwenzake, kisha simu ikaimba muziki hadi ikakata.

Nimeandika 95,240 na 27,500 mbalimbali, na nimeacha safu moja tupu ya hilo la benki kufa. #31, mzee wangu, hiyo safu inajazwaje?

#35 Mkaguzi_Mstaafu_Kisutu
Fungua uzi mwingine. Huu umeshakuwa wa kuku.